Meli imetia nanga Dar, mbona saa ya kufunga gatini inabadilika kila siku?

*"Kontena langu limo kwenye meli iliyofika nje ya bandari ya Dar es Salaam tangu Jumatano. Programu ya kwenye simu ilionyesha ETA ni Alhamisi 12:00, nikakodi lori kutoka Kigali. Alhamisi ikageuka Ijumaa, Ijumaa ikageuka Jumamosi, na muda wote huo meli naiona imesimama palepale. Wakala naye kila nikimpigia ananiambia nisubiri. Hapa anayedanganya ni nani?"*

Uwezekano mkubwa hakuna anayedanganya. Shida ni kwamba ile namba unayoitazama haijibu swali lako. Wewe unataka kujua kontena litagusa ardhi lini, ilhali ETA ni makadirio ya meli kufika nje ya bandari, mahali pa kutia nanga au pa kumchukulia rubani, mtaalamu wa bandari anayeiongoza meli kuingia na kutoka. Hapo meli yako ilishafika tangu Jumatano. Kuna saa nyingine, ETB, ambayo ni makadirio ya meli kufunga kamba gatini, na hiyo ndiyo inayokuhusu. Programu nyingi za simu huzichanganya saa hizi mbili chini ya jina moja.

Tuanze na namba yenyewe inakotoka. Kila meli kubwa ina kifaa cha AIS kinachorusha jina lake, mahali ilipo, mwendo wake na hali yake. Mahali na mwendo hutoka kwenye GPS, lakini ETA haitoki kwenye mtambo wowote: ofisa wa zamu huiandika kwa mkono, mwezi, tarehe, saa na dakika. Wakala akituma ujumbe kwamba gati limesogezwa mbele, ofisa anaibadilisha. Akiwa na kazi nyingi, haibadilishi, na unaweza kukuta meli inatangaza saa iliyopita jana. Pia saa hiyo huandikwa kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kwa hiyo 12:00 uliyoiona, kama ilitoka moja kwa moja kwenye AIS, si saa sita mchana ya Dar, ni saa tisa alasiri. Baadhi ya programu hubadilisha kwenda saa za mahali, nyingine hazibadilishi, kwa hiyo tazama kama pembeni ya namba kumeandikwa UTC au LT, yaani saa za mahali. Humu ndani nitaandika saa za Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24, kama zinavyosomeka kwenye ratiba za bandari.

Kuna pia tovuti zinazokokotoa ETA zenyewe kwa kugawa umbali uliobaki kwa mwendo wa meli. Meli ikiwa safarini hesabu hii ni nzuri tu. Ikitia nanga inaharibika kabisa. Meli iliyo kwenye nanga huzunguka taratibu ikifuata upepo na mkondo, na GPS husoma labda fundo 0.2, fundo moja likiwa maili moja ya bahari kwa saa. Ikiwa umbali uliobaki ni maili 8 za bahari, 8 kugawa kwa 0.2 ni saa 40. Upepo ukigeuka na mwendo ukasomeka 0.4, zinakuwa saa 20. Hakuna kilichotokea bandarini. Meli imeyumba tu kwenye mnyororo wake. Ndiyo maana kabla ya kuamini saa yoyote, soma kwanza sehemu ya hali ya meli. Ikiandikwa `At Anchor`, puuza hesabu ya tovuti.

Sasa tuje kwenye kungoja kwenyewe, maana hata wakala mwenye taarifa zote atakubadilishia saa. Meli iliyo nje hupita milango kadhaa: gati liwe wazi, rubani na tagi, zile boti za kusukuma na kuvuta meli, wapatikane, kuwe na mwanga kama meli imewekewa sharti la mchana, na kwa meli iliyozama sana majini kwa uzito wa mzigo, maji yawe yamejaa vya kutosha. Kila mlango hufunguka kwa vipindi. Ukiukosa kwa nusu saa, hungoji nusu saa, unangoja hadi ufunguke tena. Hii ndiyo sababu saa haisogei kidogokidogo bali inaruka.

Nitakuonyesha kwa mfano wa meli mbili. Namba ni zangu, nimezichagua ziwe rahisi kufuata, lakini mwenendo ndio huu. Meli A iko gatini na meli yako, B, iko kwenye nanga ikingoja gati hilohilo. A ina kontena 1,200 za kushusha na kupakia. Kreni mbili, kila moja ikinyanyua kontena 20 kwa saa, zinafanya 40 kwa saa, hivyo kazi ni ya saa 30. Ilianza Jumatano 08:00, itamaliza Alhamisi 14:00. Weka saa moja ya kukamilisha karatasi, kuinua mikono ya kreni na kupandisha rubani, na saa nyingine ya kutoka langoni, yaani ile njia ya meli ya kuingilia bandarini. A itakuwa nje 16:00, na rubani atapanda B saa 16:15. Wakala anakuandikia: rubani Alhamisi 16:15, kufunga kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Jumatano 18:00, kontena 400 zikiwa zimeshanyanyuliwa, kreni moja inaharibika. Fundi anasema baada ya saa mbili itakuwa imepona. Kwa saa mbili hizo zinapotea kontena 40, yaani saa moja ya kazi ya kreni zote mbili. Wakala anasogeza rubani wako hadi 17:15. Kufikia usiku wa manane fundi anamaliza, baada ya saa sita badala ya mbili. Zimepotea kontena 120, ambazo ni saa tatu. A itamaliza 17:00, itaachia gati 18:00, na itakuwa nje 19:00.

Saa tatu tu. Lakini Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Ikiwa B kwa urefu wake imewekewa sharti la kuingia mchana, hakuna rubani atakayeipanda 19:15. Inayofuata ni alfajiri, 06:30 Ijumaa. Kutoka 16:15 hadi 06:30 ni saa 14 na robo. Kreni ilichelewesha kazi kwa saa tatu, wewe umechelewa usiku mzima, na ukiangalia simu unaona Alhamisi imekuwa Ijumaa bila maelezo.

Hapo sijagusa kina cha maji. Tuseme B imejaa mzigo na imezama mita 12.2, na lango lina kina cha mita 11 kwenye ramani ya bahari. Kina cha kwenye ramani hupimwa kutoka usawa wa maji madogo kabisa ya kupwa, kwa hiyo juu yake unaongeza maji ya siku hiyo. Chini ya mkuku lazima yabaki maji ya akiba. Kanuni inayotumika sana ni asilimia 10 ya kuzama kwa meli, hapa mita 1.2. Akiba hiyo si ya uoga. Meli ikitembea kwenye maji machache hufyonzwa chini na kuzama zaidi kuliko iliposimama, na kadiri inavyoongeza mwendo ndivyo inavyozama. Kwa hiyo B inahitaji mita 13.4. Lango likitoa 11, maji ya kujaa lazima yatoe 2.4.

Wavuvi wa pwani hii hawahitaji jedwali kujua yanayofuata. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa Dar hupita mita 3. Siku za maji mafu hujaa karibu saa nne, na tofauti hupungua sana. Tuseme Alhamisi hiyo ni bamvua: kupwa 10:00 kwa mita 0.3, kujaa 16:10 kwa mita 3.5. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa ile tofauti ya mita 3.2 mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ukifuatisha utakuta mita 2.4 zinafikiwa karibu 13:45, na maji yakirudi zinapotea karibu 18:35. Hilo ndilo dirisha la B: takriban saa tano. Rubani wa 16:15 alikuwa katikati kabisa, kila mtu alikuwa na raha.

Ijumaa 06:30 je? Maji ya usiku yamejaa karibu 04:35 na sasa yanapwa. Dirisha la alfajiri linafungwa karibu 07:00, na B inahitaji saa nzima kupita lango. Mwanga upo, gati lipo wazi, rubani yupo, lakini maji yanaondoka. Inangoja maji ya mchana. Kwa kuwa kila siku hujaa yakichelewa kwa dakika 40 hadi 50 hivi kuliko jana, dirisha la Ijumaa linafunguka karibu 14:30. Kutoka Alhamisi 16:15 hadi Ijumaa 14:30 ni zaidi ya saa 22, na chanzo chake ni ileile kreni ya saa tatu.

Na ukiendelea kuchelewa, dirisha lenyewe linazidi kuwa finyu. Ijumaa linafunga 19:20 kwa maji, lakini giza linalifunga mapema zaidi. Jumamosi linafunguka baada ya saa tisa alasiri na jua halingoji. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, tuseme yanajaa mita 2.5 na kupwa 1.3. Fanya hesabu ileile: mita 2.4 zinapatikana kwa saa moja kabla ya kujaa na saa moja baada yake. Saa mbili tu, mara moja kwa mchana. Meli mbili nzito zikiwa zinagombea saa mbili hizo, moja italala nje.

Kwa haki ya Dar niseme hivi: mahesabu ya kina niliyoyafanya hapa ni ya lango la mita 11, na Dar ya leo imechimbwa. Gati namba 1 hadi 7 ziliongezwa kina hadi mita 14.5, na lango likaongezwa kina na upana. Meli nyingi za makontena zinazokuja huku sasa hazina haja ya kusubiri maji kwa ajili ya kina. B ya mfano wetu ingeingia Ijumaa alfajiri. Ukitaka kuona bandari ambayo maji ndiyo bwana, nenda Beira, Msumbiji, ambako bamvua hupanda hadi mita 6 na zaidi, na mchanga na tope huijaza njia ya meli tena na tena, hivyo inachimbwa mara kwa mara. Mzigo wa Zambia au Malawi unaopita Beira huruka siku kwa sababu hii kuliko unaopita Dar.

Lakini hata pale kina kinapotosha, maji bado yana neno. Lango la Dar ni jembamba na lina kona, na maji yote yanayoingia na kutoka bandarini hupita humo. Maji yakienda kasi katikati ya kujaa au kupwa siku za bamvua, meli ndefu inayokata kona husukumwa ubavu. Rubani anaweza kuamua kungoja mkondo upungue, na huo ni uamuzi wake na wa chumba cha kuongozea meli, hauonekani kwenye programu yoyote. Tena meli kubwa hazipishani mle ndani: inayotoka hutangulia, maana ndiyo inayoachia gati, na inayoingia hungoja. Waliowahi kukaa kwenye pantoni ya Magogoni na Kigamboni huku imesimama kupisha meli wanajua jinsi njia ile ilivyo moja.

Rubani mwenyewe huongeza ucheleweshaji wa aina yake, mdogo lakini wa mara kwa mara. Anayetoa meli asubuhi ndiye huenda akaingiza nyingine: anaitoa A, anashuka kwa ngazi ya kamba hadi kwenye boti, boti inampeleka B, anapanda. A ikichelewa dakika 40 kwa sababu karatasi moja haijasainiwa, B nayo imechelewa dakika 40. Tagi ni hivyohivyo. Meli inayohitaji tagi mbili haisogei ikiwa moja bado inasukuma meli nyingine gatini. Na kupanda kwenyewe si jambo la uhakika. Kutoka usawa wa maji hadi sitahani pakizidi mita 9, sheria za kimataifa zinataka ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya mshazari ya pembeni mwa meli. Ikifungwa vibaya, rubani hapandi, na ni haki yake. Marubani wamekufa kwa ngazi mbovu. Miezi ya kusi ikivuma sana, meli hugeuzwa ili ubavu wake mmoja uzuie upepo na mawimbi ndipo boti isogee. Wakati mwingine hata hivyo haiwezekani, na kila kilichopangwa asubuhi hiyo kinasogea.

Utauliza, kama wanajua gati halijawa wazi, mbona meli inakimbilia kuja kulala nje? Mara nyingine haikimbilii. Ikiwa imebakiza maili 900, kwa fundo 15 itafika baada ya saa 60, na kwa fundo 12 baada ya saa 75. Kampuni ikijua gati litachelewa nusu siku, hupunguza mwendo na kuokoa mafuta mengi, na wewe unaona ETA ikisogea wakati meli iko bado baharini, bila tatizo lolote. Meli za mizigo ya kichele, kama ngano au mbolea, mara nyingi hufanya kinyume: mkataba wake hutaka ifike, itoe taarifa kwamba iko tayari, ndipo saa zake za kungoja zianze kuhesabiwa. Meli za namna hiyo hupanga foleni. Pia mvua ikinyesha hufunga mifuniko ya ngama na kazi husimama, kwa hiyo masika gati la kichele halitabiriki. Meli za makontena kwa kawaida hupewa nafasi zilizopangwa, na ikikosa nafasi yake kwa kuchelewa bandari iliyotangulia, inaweza kupitwa na meli iliyofika baada yake. Ukiona meli imekuja Ijumaa ikaingia kabla ya yako ya Jumatano, usidhani mara moja kuna mkono wa mtu. Huenda inaenda gati jingine, ni fupi zaidi, haihitaji sharti la mchana, au ndiyo yenye nafasi.

Sasa ukimpigia wakala, acha kumuuliza meli inafika lini. Muulize imepangiwa gati namba ngapi, meli gani ipo hapo sasa na imebakiza kontena ngapi. Kisha muulize kama rubani ameshaombwa na kwa saa ngapi, na kama meli ina sharti la mchana au la maji. Majibu haya yanatosha kupiga hesabu yako mwenyewe kama tulivyofanya kwa A na B. Gawa kontena zilizobaki kwa 40 kama kreni ni mbili, ongeza saa mbili za kuondoka, kisha tazama jibu limeangukia mchana au usiku. Likiangukia saa kumi na moja jioni na meli ina sharti la mchana, hesabu kesho. Wakala akisema rubani hajaombwa, basi saa aliyokupa ni matumaini. Akisema ameombwa na saa imethibitishwa, hapo unaweza kuanza kuiamini, ukiacha nafasi ya saa chache.

Kwenye simu yako, alama ya kweli ni kubadilika kwa hali ya meli. `At Anchor` ikigeuka `Under way using engine` na mwendo ukapanda hadi fundo 5 au 6 kuelekea langoni, rubani yupo ndani au yuko njiani. Ila nayo huandikwa kwa mkono, kwa hiyo ukiona `At Anchor` na mwendo wa fundo 6, uamini mwendo. Ikisomeka `Moored` na mwendo sifuri kando ya gati, imefunga.

Lori lako lisianze safari kwa ETA wala kwa kufunga. Kontena lililo chini kabisa ya ngama linaweza kutoka siku ya pili ya kushusha, na baada ya hapo bado kuna forodha na kibali cha kutoka. Kwa kawaida siku za bure za kuhifadhi kontena bandarini huanza kuhesabiwa liliposhushwa, si meli ilipotia nanga, kwa hiyo hizi siku tatu za kungoja nje hazijakula siku zako. Zimekula pesa ya lori. Mwenye lori akikubali, badilisha makubaliano ili malipo ya kusubiri yaanze saa ambayo kontena limeandikwa limeshushwa, na umpe namba ya kontena aifuatilie mwenyewe.